Kiinua Mgongo cha Karani: Mjadala wa Nambilanje

Katika kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa, upande ule ambao wazee hawakuuhesabia mbali na Nachingwea, mtu akitaja msimu huwa ametaja nusu ya maisha ya watu, kwa maana mwaka wa huku umefungwa na mazao mawili, ufuta unaoingia ghalani katikati ya mwaka na korosho zinazoanza kushuka mwezi wa Oktoba. Na baina ya mawili hayo chama cha msingi cha ushirika hukaa kikingoja, kina mzani wake, turubai zake na magunia yake, na kina watumishi wachache ambao matumbo yao hayangoji msimu. Habari za watumishi hao ndizo nilizokusudia kuzinena, na hasa lile deni ambalo chama huanza kudaiwa tangu mtumishi anapotimiza mwaka wake wa kwanza, ilhali aghalabu halitazamwi mpaka siku anapoaga.

Nimelipanga shauri hili kwa njia ya mjadala, nikawataja wasemaji kwa vyeo vyao na chama nisikitaje kabisa, kwa kuwa vyama vyenye shauri kama hili ni vingi kuanzia Ruangwa mpaka Liwale. Wasemaji wameketi kwenye kibaraza cha ghala. Shauri ni karani. Amekitumikia chama miaka 12, na bodi, baada ya misimu miwili mibaya, imeazimia kuifuta nafasi yake na kazi zake kumpa meneja. Yeye mwenyewe amekaa pembeni, daftari mapajani, kwani hata mkutano unaomjadili yeye ndiye anayeuandika.

MWENYEKITI WA BODI: Jamaa zangu, mimi sioni kwa nini neno hili lituchukue asubuhi nzima. Karani wetu ni mwanachama wa NSSF. Kila mwezi tumempelekea asilimia 20 ya mshahara wake, kumi katika ujira wake na kumi katika mfuko wa chama, wala hatukukosa mwezi, na stakabadhi zipo. Hayo ndiyo mafao yake. Tukimlipa tena kiinua mgongo tutakuwa tumelipa mara mbili kwa jambo moja. Nina rafiki yangu Mkenya, tulijuana katika biashara ya mbaazi, naye amenihakikishia kwamba kwao mtu aliyeandikishwa kwenye mfuko wa hifadhi hadai malipo ya utumishi kwa mwajiri.

MKAGUZI: Mzee Mwenyekiti, rafiki yako hakukudanganya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema hivyo hasa juu ya malipo ya utumishi, ya kwamba aliye katika mfuko wa hifadhi hayapati. Walakini sheria ile ni ya Kenya, na kosa la kuitumia kwetu si dogo, kwa sababu bodi nyingi zimejengea hapo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 42, haikuweka sharti hilo. Imesema kwamba mwajiri akimwachisha kazi mtumishi aliyetimiza miezi 12 mfululizo, atamlipa si chini ya ujira wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka kumi. Kisha ikaongeza kwa maneno yake yenyewe kwamba malipo hayo hayaondoi haki nyingine yoyote ya mtumishi. NSSF ni mfuko mmoja, na wewe umeulipa vizuri, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Huu ni mfuko wa pili, na huo hamkuutia hata senti.

Hapo mwalimu mstaafu, ambaye hualikwa kila mkutano kwa heshima na kwa ufasaha wake, akainua mkono. Alidhani ameitwa kutoa ushahidi.

MWALIMU MSTAAFU: Haya ndiyo yale yale tuliyoyasema siku zote! Mimi nimestaafu mwaka 2023. Nimesomesha watoto wa wilaya hii, wengine leo ni wakubwa kunipita. Zamani mwalimu akistaafu alipewa nusu kwa mkupuo; mimi nikakuta kikokotoo kipya kilichoanza Julai 2022, nikapewa asilimia 33, na iliyosalia naambiwa nitaila kidogo kidogo. Mwaka uliofuata ndipo nikasikia katika bajeti ya 2024/25 kwamba kwa walimu wa kundi letu imepandishwa ikawa 40. Basi huyu karani naye asikubali siku saba! Adai nusu!

MKAGUZI: Shikamoo Mwalimu. Uchungu wako naujua, hata mama yangu ni mwalimu. Lakini nusu unayoitaja ilikuwa nusu ya pensheni yako, fedha iliyochangwa kwa ajili yako miaka yote, na ugomvi wa kikokotoo ni juu ya kiasi gani upewe leo na kiasi gani kila mwezi. Karani hagawiwi kitu kilichokwisha wekwa. Hapa hakuna kilichowekwa, na ndilo jambo lililonileta.

Mwalimu hakuridhika, nami simlaumu. Mtu aliyepungukiwa na theluthi ya matarajio yake huisikia habari yake katika kila habari. Ila kwa hakika katika nchi yetu kuchanganya mambo haya mawili kumewapotosha wengi, waajiri na waajiriwa, hata mtumishi akapewa hundi ya mfuko akadhani mwajiri amemaliza, na mwajiri naye akadhani hivyo hivyo.

MWENYEKITI: Vyema, basi tumlipe. Siku saba si kitu. Nipigieni hesabu.

MKAGUZI: Mshahara wake wa mwisho ni shilingi 260,000 kwa mwezi. Jedwali la sheria, kwa mtu afanyaye kazi siku sita kwa juma, linaufikisha mwezi kwenye siku 26 za kazi. Basi siku moja ni shilingi 10,000, na siku saba ni 70,000. Ametumikia miaka 12, lakini sheria inakomea miaka kumi, maadamu mkataba wake haukuahidi zaidi; na mkataba wake nimeusoma, haukuahidi. Ni shilingi 700,000.

MWENYEKITI: Nimesikia wengine wakigawa kwa 30.

MKAGUZI: Wapo. Ukigawa kwa 30 utapata 606,667 kwa miaka ile kumi, na mtumishi atakuwa amepunjwa zaidi ya shilingi 93,000. Siku ya kazi ndiyo iliyolipwa, na siku ya kazi ndiyo inayohesabiwa.

Mwanamama mmoja wa makamo, mkulima wa korosho na mwanachama wa siku nyingi, ambaye mpaka hapo alikuwa akipepeta ufuta kidogo katika ungo wake kana kwamba maneno yale hayamhusu, akauweka ungo chini.

MKULIMA: Mwanangu, hizo laki saba zinatoka wapi? Chama hakina shamba. Fedha ya chama ni ushuru unaokatwa katika kilo zangu. Msimu huu sikupata kitu. Salfa nimekopa, mvua imeniharibia maua, ghalani nimeleta magunia manne tu. Leo mimi ndiye nimwinue mgongo karani, na wangu mimi ataniinulia nani?

MKAGUZI: Bibi, hapo ndipo palipo na ugomvi wenyewe, na wewe umeufikia kabla ya bodi. Niruhusu nikuulize. Miaka kumi na miwili aliyoandika karani, korosho zilizopimwa zilikuwa za nani?

MKULIMA: Zetu sote. Na za wale waliokwisha hama, na za marehemu.

MKAGUZI: Basi waliohama walihudumiwa naye, wakalipa ushuru wao, lakini ushuru ule haukubeba gharama yote ya kuhudumiwa kwao. Sehemu moja iliachwa nyuma. Leo mnailipa ninyi mliobaki, na katika msimu mbaya kuliko yote.

Neno hili la mkaguzi ndilo ambalo mimi ninaliona kuwa kitovu cha shauri zima, kwa sababu katika duka la mtu binafsi mwajiri aliyefaidi kazi na mwajiri atakayelipa ni mtu yule yule, akijipunja leo atajilipa kesho, ilhali katika ushirika wenye mali hubadilika kila mwaka. Na kiinua mgongo kisipotengwa katika mwaka uliofanyiwa kazi huwa ni mzigo ambao kundi moja la wakulima limelitwisha kundi jingine bila kuliuliza.

Mkaguzi akamwomba karani lile daftari, akageuza ukurasa wa nyuma ulio mweupe, akapiga mistari kwa rula. Upande wa kushoto akaandika mwaka wa utumishi, wa kwanza mpaka wa kumi, kati, mshahara, kulia, deni lilipofikia. Wote wakasogea.

MKAGUZI: Aliajiriwa kwa shilingi 130,000. Siku yake ilikuwa 5,000, siku saba ni 35,000. Mwaka wa kwanza ulipotimia, mngeandika 35,000 kuwa ni gharama ya mwaka ule, na 35,000 hiyo hiyo upande wa madeni. Mwaka wa pili, vivyo hivyo. Wa nne ukatimia, deni likawa 140,000. Mpaka hapo hata mtoto wa darasa la tano angeweza. Sasa, mwaka wa tano mlimpandishia mshahara.

MWENYEKITI: Ndiyo, ulikuwa msimu mzuri. Tukampa 208,000.

MKAGUZI: Siku yake ikawa 8,000, siku saba 56,000. Je, mwaka ule mngetenga kiasi gani?

MWENYEKITI: Hiyo 56,000.

MKAGUZI: Wengi hujibu hivyo, na mizania nyingi zimeharibika hapo. Kiinua mgongo hupimwa kwa mshahara anaoondoka nao, si kwa mshahara aliokuwa nao mwaka wa kwanza. Mlipompandishia, ile miaka minne ya nyuma nayo ilipanda pamoja naye, kila mmoja kwa shilingi 21,000, jumla 84,000. Mwaka wa tano ungetenga 56,000 ya mwaka wenyewe na 84,000 ya miaka iliyopita, yaani 140,000, na deni likafika 280,000. Sawasawa na miaka mitano mara 56,000.

Akaendelea kujaza. Mwaka wa sita, wa saba na wa nane mshahara haukuguswa, deni likapanda kwa 56,000 kila mwaka mpaka 448,000. Mwaka wa tisa akapewa 260,000, na mara ile nyongeza ya mwaka mmoja ikawa 182,000, yaani 70,000 ya mwaka wenyewe na 112,000 ya kuinua miaka minane ya nyuma. Wa kumi, 700,000. Wa kumi na moja na wa kumi na mbili akapiga mstari mtupu, kwani sheria imekwisha hapo, ila kama mshahara ungepanda tena na deni lingepanda tena ingawa miaka haiongezeki.

Karani alikuwa akiutazama ukurasa ule kwa makini. Kwa miaka yote hiyo ameandika deni la salfa la kila mkulima, na gunia lililokosekana, na mkopo wa mwenyekiti mwenyewe. Deni lake hakuliandika, wala hakuna aliyemwambia aliandike.

KARANI: Mimi nilikuwa nikifikiri kitu kisicholipwa hakiandikwi.

MKAGUZI: Umefikiri kama wakaguzi wengi walionitangulia, Mungu awasamehe.

Nataka kuongeza hapa, kwa msomaji aliye katika bodi yoyote, namna ya kulijua kosa hili bila kuwa mhasibu. Chukua hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, utafute katika madeni mstari wa kiinua mgongo. Usipouona, jawabu umepata. Ukiuona na tarakimu ni ile ile miaka yote mitatu, basi mtu aliinakili tu. Ukiona imepanda kwa kiasi kimoja kila mwaka, nawe unajua kwamba katika miaka hiyo mishahara ilipandishwa, basi miaka ya nyuma haikuinuliwa, na siku ya kuaga patakuwa na pengo.

MKULIMA: Sasa nieleze kwa kilo. Mimi nafahamu kilo.

MKAGUZI: Tuseme chama kimekusanya kilo 400,000. Ule mwaka wa tano uliokuwa mzito, 140,000 ingewagharimu senti 35 kwa kilo. Hamngeiona. Sasa tuseme msimu huu mmekusanya kilo 100,000 tu, na mnatakiwa 700,000 kwa mara moja. Ni shilingi saba kwa kilo.

MKULIMA: Ah. Basi mnatuchelewesha ili mtuumize.

MWENYEKITI: Lakini, Bi Mkaguzi, kuandika si kulipa. Tungeandika miaka yote, na leo sanduku lingekuwa tupu vile vile.

Hapo Mwenyekiti alisema kweli tupu, na mkaguzi hakumpinga. Mstari katika mizania haununui hata kilo ya unga. Unazuia tu chama kujidanganya kwamba ziada yake ni kubwa kuliko ilivyo, na kuigawa. Ili fedha iwepo ni lazima itengwe katika akaunti mbali, na kwa chama cha korosho wakati wa kuitenga ni mmoja, yaani pale malipo ya mnada yanapoingia, kabla ya mwezi wa tatu, maana ikifika kiangazi na magunia yanatakiwa kununuliwa, hakuna bodi itakayoiona fedha imelala isiishike. Mkaguzi akapendekeza amana ya muda maalumu, ya mwaka mmoja mmoja, isiyotolewa bila azimio la mkutano mkuu. Mwenyekiti akasema mkutano mkuu hukutana mara moja kwa mwaka, na mtu anaweza kuachishwa kazi mwezi wowote. Neno hilo halikupatiwa jawabu siku ile, nami sijui lililo bora. Labda bodi ipewe idhini ya kutoa kwa jina la mtumishi tu, si kwa neno jingine.

Kisha akasimama mlinzi wa ghala, mtu mzima mwenye koti la mvua hata wakati wa jua.

MLINZI: Mimi ni mtu wa zamani kuliko karani. Nimelinda tangu mzani ukiwa wa mawe. Kila msimu wananiita, kila msimu ukiisha wananiambia nenda mpaka tukuite. Karatasi nilitia dole gumba mara mbili tatu, nyingine sikupewa. Katika ukurasa ule sijaona jina langu.

Pakawa kimya. Mkaguzi aliuliza kama ndani ya mwaka kulikuwa na miezi asiyolipwa; akajibu ipo, minne au mitano, ingawa hata katika miezi hiyo ufunguo hukaa kwake.

MKAGUZI: Mzee wangu, sitakudanganya. Kama kila msimu ni mkataba mmoja uliokwisha kwa muda wake, sheria ilivyorekebishwa inasema aliyemaliza muda wa mkataba hastahiki malipo haya, wala aliyefikia umri wa kustaafu hastahiki. Kwa upande wa pili, mtu anayekaa na ufunguo mwaka mzima ni vigumu kusema kwamba kazi yake ilikatika. Hili litaamuliwa na karatasi zako, na zikikosekana litaamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

MWENYEKITI: Kumbe! Basi tumpe karani naye mkataba wa mwaka mmoja mmoja, tupone.

MKULIMA: Hapana! Baba yangu alivunja visiki Nachingwea katika mashamba ya karanga ya Waingereza. Mpango ulianza 1947, 1951 wakaufunga, akarudi nyumbani na blanketi. Akitusimulia, hakulalamikia kazi, alilalamikia kule kurudi. Ninyi leo mnataka chama changu kifanye vile vile, tena kwa jina langu?

Sikutaraji kwamba neno la kumnyamazisha Mwenyekiti lingetoka kwa yule yule aliyeanza kwa kukataa kulipa. Wala hakusema jambo geni: nchi hii, mwaka mmoja tu baada ya kupata uhuru, ilitunga Sheria ya Posho ya Kuachishwa Kazi ya mwaka 1962, kabla hata ya Mfuko wa Akiba wa Taifa wa mwaka 1964, na ile ya 2004 ilipokuja kuifuta ilichukua mzigo wake. Walioitunga waliwajua watu wa namna ya baba yake.

MWENYEKITI: Basi na akiacha mwenyewe? Karani angepata kazi Ruangwa mjini akatuandikia barua ya kuaga, tungelipa?

MKAGUZI: Kwa sheria, hapana. Sheria inamlipa aliyeachishwa na mwajiri, si aliyeacha, wala si aliyefukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu. Lakini chama kinaweza kuahidi zaidi katika kanuni zake za utumishi, na kikiahidi, ahadi hiyo ni deni kama deni jingine, itengwe tangu siku iliyoahidiwa.

MWALIMU MSTAAFU: Ahidini! Mtumishi anayejua kwamba akiaga kwa wema ataaga na kitu hatakuwa na haja ya kuchezea mzani.

MWENYEKITI: Ahadi ni rahisi kwa asiyekusanya ushuru, Mwalimu.

Hawakupatana juu ya hilo, wakaliahirisha mpaka mkutano mkuu. Juu ya karani waliafikiana: alipwe 700,000, pamoja na notisi ya siku 28, likizo yake iliyosalia, na cheti cha utumishi, vyote kwa pamoja siku ya mwisho wa kazi, bila kungoja malipo ya mnada. Mtunza ghala, mtumishi mwingine mwenye miaka minne na mshahara wa 208,000, akaandikwa kwa mara ya kwanza kuwa chama kinadaiwa naye 224,000, ingawa hakuna anayetaka kumwachisha. Fedha hiyo itatengwa korosho za kwanza zikishauzwa. Mlinzi alitakiwa kuleta karatasi zote alizo nazo, hata zilizoliwa na mchwa.

Hukumu yangu mimi ni kwamba Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na kwamba bodi iliyopeleka michango ya NSSF kila mwezi bila kukosa ni bora kuliko nyingi ninazozijua. Lakini mlinzi alistahili kuandikwa katika ukurasa ule siku ile ile, hata kwa wino wa shaka, kwa sababu deni linalobishaniwa nalo hutajwa katika hesabu, na chama kilichokaa na mtu misimu yote ile hakiwezi kusema kwamba hakijui kama kilimwajiri. Na mtumishi yeyote aliyeachishwa na kunyimwa ajue kwamba muda wa kwenda mbele ya Tume ni mfupi: siku 30 kwa anayepinga kuachishwa kwenyewe, na siku 60 kwa madai mengine.